Kadi za Mfukoni

Kila mgeni anayeingia ofisini kwetu Mirongo huusoma ubao kabla hajaketi. Ni ubao mweupe wa darasani, tuliupata kwa mtu aliyekuwa anafunga kituo chake cha tuisheni, na bado una mstari ambao mwalimu fulani aliuchora kwa kalamu isiyofutika. Mgeni husoma safu kutoka kushoto: Zinasubiri, Kuandika, Kupima, Kupandisha, Zimeisha. Akifika ya sita, ile nyembamba iliyobanwa pembeni, huuliza. Huwa nasema ni utani wa ofisini. Si utani, na nimechoka kudanganya juu yake.

Sisi ni watengenezaji wa programu za kompyuta. Wakati ninaousimulia tulikuwa wanne. Mimi nilikuwa kiongozi, na niliandika programu pia, maana ofisi ya watu wanne haina nafasi ya kiongozi wa kukaa tu. Kulikuwa na mzee wetu, Mjaluo wa Rorya, aliyeshughulikia seva. Tulimwita mzee ingawa alinizidi miaka sita tu, kwa sababu ya miwani yake na kwa sababu hakuwahi kukimbilia jambo lolote. Kulikuwa na kaka mmoja aliyeandika sehemu inayofanya kazi kwenye simu, hodari na mwenye haraka. Na kulikuwa na dada mpimaji. Kila tulichoandika sisi watatu kilipita kwake kabla ya kumfikia mteja. Alikijaribu kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, kwenye simu isiyo na mtandao, kwenye simu iliyobakiza chaji ya kuhesabu, na kosa likiwepo alilipata.

Mteja wetu mkubwa alikuwa mama mmoja mnunuzi wa dagaa. Mawakala wake walikaa kwenye mialo, mitumbwi inakoshushia samaki, wengine visiwani, wakipima dagaa kwa mizani na kuingiza kilo kwenye simu. Simu ikipata mtandao, inatuma kila kitu kwenye seva yetu. Dagaa wa ziwani huvuliwa kwa taa, wakati wa giza. Mbalamwezi ikishika, taa haina kazi, mitumbwi inapumzika, na mama anapata nafasi ya kukumbuka kila anachotaka kibadilishwe kwenye programu. Na alitaka kiwe tayari giza linaporudi.

Sisi tulikwenda kwa sprinti. Kila baada ya wiki mbili, Jumatatu asubuhi, tulikaa tukachagua kazi, tukazikadiria ukubwa, tukaahidiana kwamba hizi zitaisha kufikia Ijumaa ya wiki ya pili. Ijumaa hiyo tulimwonyesha mteja, kisha tukabaki wenyewe kuambizana nini kilikwenda vizuri na nini kilituumiza. Jumatatu tulianza upya. Mimi niliupenda utaratibu ule, na sioni aibu kusema hivyo. Ulinipa uzio. Mama akipiga simu katikati ya wiki nilimwambia, "Shikamoo mama. Hiyo tutaiingiza sprinti ijayo."

"Marahaba," alijibu siku moja. "Mwanangu, ninyi mnahesabu wiki, dagaa wanahesabu mwezi." Nilicheka, nikaendelea kuhesabu wiki.

Ubaya ulikuwa hapa. Jumatatu kila mmoja wetu alianza kazi yake, akikwama alianza nyingine, akikwama tena alianza ya tatu. Kufikia katikati ya wiki ya pili kila kitu kilikuwa kimeanzwa na hakuna kilichokwisha. Alhamisi mchana vyote viliiva pamoja, na vyote vikamwangukia mtu mmoja. Dada alikuwa ameshinda wiki nzima na zaidi akiulizia kazi, na sasa ana siku moja ya kupima vitu kumi. Ijumaa tulimwonyesha mteja vile vilivyosalimika. Jumamosi na Jumapili dada alimalizia vilivyobaki, akirudisha makosa kwetu kwa simu, nasi tukiyarekebisha tukiwa nyumbani kwetu na watoto wetu. Yeye mtoto wake hakuwa naye.

Alipanga chumba Buhongwa. Binti yake, wakati huo ana miaka mitano, aliishi na bibi yake upande wa Sengerema. Kumfikia ilibidi aende Kigongo, asubiri kivuko, avuke hadi Busisi, kisha apande gari tena. Mpango wake ulikuwa kwenda kila Jumamosi asubuhi na kurudi Jumapili jioni. Sprinti zetu zilimwachia Jumamosi moja kati ya mbili, na mara nyingine hata hiyo moja niliila mimi.

Basi Ijumaa moja tulikaa kuambizana yaliyotuumiza. Kila mtu aliandika kwenye kikaratasi. Kaka wa simu aliandika kuhusu umeme. Mzee aliandika kuhusu seva. Mimi niliandika jambo refu kuhusu makadirio, ambalo sasa silikumbuki. Dada aliandika neno moja: Jumapili.

Nilimwomba aeleze. Alikuwa akigeuzageuza kifuniko cha kalamu. "Wiki iliyopita nilifika nyumbani, nimekaa siku moja," alisema. "Nikamsikia mwanangu anamwuliza bibi yake jikoni, eti mgeni anaondoka lini."

Chini yetu, dukani kwa muuza vipuri vya pikipiki, mtu alikuwa anajaribu honi.

"Naipenda hii kazi, kaka," akaendelea. "Ila mambo yakiendelea hivi naacha. Sitishii mtu. Nasema mapema ili mpate muda wa kutafuta mwingine."

Nilitaka kumwambia kwamba sprinti ijayo tutakadiria vizuri zaidi. Mzee aliniwahi. "Sprinti haina kosa," alisema. "Kuna watu wanaenda kwa sprinti na wanamaliza kazi mojamoja, wiki ya kwanza mpimaji ana kazi. Sisi tunaanza sana, tunamaliza kidogo. Mshika mawili moja humponyoka, na sisi tumeshika kumi." Akaenda kwenye ubao, akafuta orodha yangu ya sprinti bila kuniomba ruhusa, akachora safu tano.

Alishawahi kufanya kazi hivyo kwingine, na watu wa huko waliuita ubao wa kanban. Kila kazi ni kadi moja. Kadi inatoka kushoto kwenda kulia, na kila safu ina kikomo cha kadi inazoruhusiwa kubeba. Hakuna kumsukumia mwenzako kazi. Mwenye nafasi ndiye anayekuja kuivuta. Safu ya Kuandika alitupa tatu, kwa kuwa waandishi tulikuwa watatu. Kisha akampa dada kalamu aandike mwenyewe kikomo cha Kupima. Dada akaandika mbili, akaikoleza mara ya pili.

"Na nikimaliza yangu, halafu kwake zimejaa?" kaka wa simu aliuliza.

"Inabaki kwako, inakula nafasi yako."

"Nianze nyingine?"

"Huwezi. Zimejaa tatu."

"Sasa nifanye nini?"

"Nenda ukampimie."

Wiki ya kwanza nilikaribia kuugua. Jumanne kaka wa simu alimaliza kadi yake, akakuta Kupima kumejaa, akakaa. Mimi nimelelewa kwenye shamba la pamba, Usukumani, ambako mtu aliyekaa mchana ni mgonjwa au ni mvivu, na mgonjwa huulizwa mara mbili. Kumwona mtu mzima ameketi mbele ya kompyuta mikono mapajani kulinipandisha hasira kabisa. Nilimwambia atafute cha kufanya. Mzee, bila kugeuka, alisema cha kufanya kipo ubaoni. Basi kaka akavuta kiti hadi kwa dada, wakaanza kupima pamoja kadi yangu ya kusahihisha kilo zilizoingizwa vibaya. Ndani ya nusu saa alikuwa amegundua kwamba maandishi ya onyo aliyoyaandika mwenyewe kwenye simu hayasomeki juani. Alikuwa ameyaandika mwaka mzima kabla ya hapo. Hakuwahi kuyatumia.

Nyuma ya kila kadi tuliandika tarehe iliyoanzwa na tarehe iliyokwisha. Mwanzoni kadi ilichukua zaidi ya wiki. Baada ya mwezi ilichukua siku nne, tano. Kadi zilianza kwisha Jumatano, siku ambayo zamani hakuna kilichokwisha. Dada alipima kidogokidogo kila siku, na Ijumaa saa kumi alifunga kompyuta yake. Jumamosi alikuwa Kigongo. Alikwenda Jumamosi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akaanza kurudi na viazi vitamu kwenye mfuko, akitugawia. Hakuna aliyezungumzia tena suala la kuacha.

Ningependa kuishia hapo. Lakini lazima niseme kitu ambacho wanaousifu ubao hawakisemi sana: uzio wangu ulikuwa umeondoka. Mama alielezwa kwamba sasa anaweza kupanga upya safu ya Zinasubiri wakati wowote, na akalipenda jambo hilo kuliko chochote tulichowahi kumtengenezea. Alipiga simu kila siku. Hakukuwa tena na Ijumaa ya kupumua, ya kusema kwamba haya yamekwisha, yawe yamekwisha vizuri au vibaya. Kadi ilitoka, kadi ikaingia. Tuliweka nafasi moja ya dharura, kadi nyekundu moja tu kwa wakati mmoja, na mama akajifunza haraka kwamba kila kitu ni dharura. Nilichoka kwa namna mpya. Zamani nilichoka na kumaliza. Sasa nilikuwa nachoka tu.

Kadi ya kwanza niliiweka mfukoni siku ya Alhamisi. Mama alitaka programu itenganishe dagaa waliokaushwa kwenye vichanja na wale wa kuanikwa mchangani. Nilimwambia sawa mama, kabla sijautazama ubao. Nilipoutazama, Kuandika kulikuwa na tatu, Kupima mbili. Dada alikuwa ameketi pale pale chini yake. Sikuwa na uso wa kuvunja kikomo mbele yake, na sikuwa na uso wa kumpigia mama tena. Basi niliandika kadi, kama utaratibu unavyotaka, kwa mwandiko mzuri, nikaitia mfuko wa shati. Asubuhi zilizofuata niliwahi ofisini kabla ya wenzangu, nikaandika programu yake. Nilijiambia kwamba ninawasaidia.

Kisha ikaja ya pili, ya picha ya mizani. Ya tatu. Nafasi ikipatikana ubaoni nilichomoa moja, nikaandika tarehe ya leo kama tarehe ya kuanza, nikaibandika, na kesho yake ilikuwa tayari kupimwa. Hesabu yetu ya siku ikapendeza kuliko wakati wowote. Dada alianza kunitazama.

"Kaka, siku hizi unaandika haraka," alisema siku moja.

"Nimezoea ubao," nikamjibu.

Sikujua kwamba kaka wa simu alishaniona. Kiongozi akivaa kandambili ofisini, wote watakuja na kandambili. Yeye hakuwa na mfuko wa shati, kwa hiyo alificha zake chini ya kibodi.

Mwezi ule mbalamwezi ilikuwa inaelekea mwisho, na giza lilikuwa lirudi mwanzoni mwa wiki. Jumamosi kabla ya hapo, binti wa dada alikuwa na mahafali ya chekechea. Dada alituambia wiki tatu mapema. Aliandika hata kikaratasi, akakibandika juu ya ubao: Jumamosi mahafali, sipo. Alituonyesha kwenye simu picha ya joho dogo la bluu ambalo bibi alimshonea mtoto, na kofia yake.

Ijumaa asubuhi mama alipiga. Hakutaka mazungumzo. Mawakala wanakwenda mialoni Jumapili, alisema, na kila nilichomwahidi kiwe kwenye simu zao. Alivitaja kimoja kimoja, anavikumbuka vyote. Nilikata simu, nikasimama, nikaanza kutoa kadi mfukoni. Tano. Nilimtazama kaka wa simu. Aliinua kibodi, akatoa tatu. Tukabaki tumesimama na kadi mikononi, watu wazima. Mzee alivua miwani, akafungua mkebe wake, akatoa moja iliyokunjwa mara mbili.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema, na sijui kama alikuwa anamwambia dada au anajisemea.

Dada alizihesabu kwa macho. Alichukua mbili, akazibandika kwenye Kupima, kisha akanirudishia saba. "Kikomo ni mbili, kaka. Hizi ni zako."

Tulizipima wote wanne. Lakini zile kadi zilikuwa zimeandikwa gizani, kila mmoja peke yake, na nyingi zilikuwa zimegusa ukurasa mmoja, ule wa kuingiza kilo. Kila moja ikipimwa peke yake ilikuwa nzima. Zikiwekwa pamoja, simu iliyokuwa nje ya mtandao ikirudi hewani ilituma mzigo uleule mara mbili, na gunia moja likawa mawili. Dada ndiye aliyeligundua kosa hilo, saa tisa alasiri. Hatukujua linatoka kwenye kadi ipi kati ya tisa.

Nilikuwa na njia. Naijua sasa na niliijua wakati ule. Ningempigia mama, nikamwambia giza hili mtapata mbili, nyingine tutazimaliza mojamoja. Angekasirika, labda siku mbili. Badala yake nilimfuata dada kwenye ngazi, ambako alikuwa anazungumza na mama yake kwenye simu, nikasubiri amalize, nikamwomba abaki Jumamosi.

Hakubishana nami. Nilitamani abishane. Aliniuliza tu, "Wewe ndiye unayeniomba?" Nikasema ni mimi. Akarudi juu.

Jumamosi saa nne, wakati mtoto anavalishwa joho, mama yake alikuwa anazima na kuwasha mtandao kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, akiingiza kilo thelathini za dagaa wasiokuwepo. Tuliling'oa lile kosa saa nane mchana. Dada alipokea video kwenye simu yake, akaitazama bila sauti, akaigeuza simu kifudifudi mezani. Jioni programu ilipandishwa kwenye simu za mawakala. Mama wa dagaa alitujibu kwa alama ya kidole gumba.

Dada alitoa taarifa ya kuacha kazi Jumatatu. Alikaa mwezi mzima, kama mkataba ulivyotaka, na hakuwahi kupima kwa uzembe hata siku moja. Nilimwomba msamaha mara mbili. Mara zote mbili alisema yameisha, kaka. Siku yake ya mwisho alimwelekeza mpimaji mpya, kijana wa watu aliyekuwa anaandika kila neno kwenye daftari. Alimpitisha safu kwa safu. Alipofika mwisho alichukua kalamu, akatafuta nafasi pembeni, akachora safu ya sita, nyembamba. Juu akaandika Mfukoni. Kwenye kikomo akaandika sifuri.

Tumebadilika kidogo tangu hapo. Ubao tunao na vikomo tunavyo. Kupanga sasa tunapanga mara moja kwa mwezi, mbalamwezi inapoanza, na mama anakuja mwenyewe anachagua, nasi tunamwambia zipi hazitaingia. Nusu sprinti, nusu kanban, mzee anaiita ugali na wali sahani moja. Inafanya kazi. Kila mara huwa nafikiri kwamba ingefanya kazi pia wakati ule.

Mwaka huu nilikuwa na safari ya Sengerema, na siku hizi daraja lipo. Ule upana wa maji uliomla dada saa nzima kwenye foleni nilivuka kwa dakika chache, hata sikumaliza kusikiliza taarifa ya habari. Nilimpigia simu, akasema pita. Sasa anafundisha kompyuta sekondari ya huko na anatoka kazini mchana. Nilimkuta anapepeta mchele uani, amenenepa kidogo, amependeza. Alimwita binti yake aje amwamkie mgeni.

Binti alikuja, akainama nimshike kichwani, akaniamkia shikamoo, nikaitika marahaba. Hakuondoka. Alikuwa ananiangalia usoni kama mtu anayehakikisha kitu.

"Wewe ndiyo kazi?" aliuliza.

Mama yake aliacha kupepeta. "Nilikuwa namwambia kazi imenizuia," alisema taratibu, "kwenye simu. Kila Jumamosi."

Mtoto bado alikuwa anasubiri jibu. Nikamwambia ndiyo.